Kibao cha pampu kinasema 14 m³/h: ni lita ngapi kwa sekunde?

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa jumuiya ya watumia maji ya kijiji chetu huku Uvinza, watu kama 2,400. Kibao cha pampu kimeandikwa Q 14 m³/h, H 80 m. Ripoti ya kisima inasema tusivute zaidi ya lita 3.2 kwa sekunde. Fundi mmoja ananiambia nizidishe 14 kwa 3.6, mwingine nigawanye. Mimi nikipiga kwenye simu 14 × 1000 ÷ 60 × 60 napata 14,000. Nani kweli, na hiyo 3.6 imetoka wapi?*

Marahaba, katibu. Fundi wa kugawanya ndiye aliyepatia. 14 ukiigawanya kwa 3.6 unapata 3.89, maana yake pampu yenu, kwa maandishi ya kibao, inatoa karibu lita 3.9 kila sekunde. Hiyo imepita 3.2 ya kisima, kwa hiyo wasiwasi wako una msingi, ingawa kibao si neno la mwisho na nitafika huko. Yule wa kuzidisha angekupa lita 50.4 kwa sekunde. Hebu fikiria ndoo mbili na nusu za lita 20 zikijaa wakati unatamka "moja". Bomba la inchi mbili halitoi maji ya namna hiyo, na kisima chenu kingekauka kabla hujafunga mlango wa kibanda.

Hiyo 14,000 yako si ujinga wa hesabu, ni tabia ya kikokotoo. Simu inasoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ulipoandika ÷ 60 ikagawanya, ulipoandika × 60 ikarudisha kile kile ilichogawanya, ukabaki na 14 × 1000. Wewe ulikusudia 60 zote mbili zikae chini, lakini mashine haijui unachokusudia. Bonyeza hivi, na alama ya kugawanya iwe mbele ya kila namba inayokaa chini:

```
14 × 1000 ÷ 60 ÷ 60 = 3.888...
```

Sasa hiyo 3.6. Nimefundisha mafundi maji kwa miaka mingi hapa Tabora, na wengi huja darasani wameikariri hiyo namba kama namba ya simu ya shemeji. Wanajua ipo, hawajui inakaa upande gani. Mtu aliyekariri ana nafasi moja kati ya mbili ya kukosea, na siku ya kukosea hana cha kumwambia kwamba amekosea. Ndiyo maana nawaambia waisahau kwanza, wapange mnyororo, halafu 3.6 itajitokeza yenyewe. Vitabuni njia hii huitwa uchanganuzi wa vipimo. Jina kubwa, kazi ndogo.

Yote inasimama juu ya wazo moja. Mita moja ya ujazo na lita 1000 ni maji yale yale. Hayapungui wala hayaongezeki, ni majina mawili ya kiasi kimoja. Sasa ukiandika sehemu ambayo juu yake ni lita 1000 na chini yake ni mita 1 ya ujazo, juu na chini ni sawa, na kitu kikigawanywa kwa kilicho sawa nacho jibu ni moja. Hata ukiigeuza miguu juu, mita 1 ya ujazo juu na lita 1000 chini, bado ni moja. Na kuzidisha kwa moja hakubadilishi kitu. Kwa hiyo unaweza kuzidisha kiwango cha pampu yako kwa sehemu za namna hii nyingi utakavyo, maji yatabaki yale yale. Kinachobadilika ni vizio tu, yaani ni nini unachohesabia.

Kabla ya kwenda mbele, hiyo 1000 nayo inastahili kuonekana kwa macho, maana hapo ndipo kosa la kwanza huzaliwa. Lita moja ni boksi lenye sentimita 10 kila upande. Chukua sanduku la mita moja kila upande, mita moja urefu, mita moja upana, mita moja kwenda juu. Kwenye sakafu ya sanduku hilo unapanga maboksi 10 kwa mstari, mistari 10, hapo ni maboksi 100. Kisha unaweka tabaka juu ya tabaka mpaka yafike 10, ndiyo 1000. Mwanafunzi anayejua kwamba mita moja ni desimita 10 na akaishia hapo, ataandika kwamba mita moja ya ujazo ni lita 10. Ile 3 ndogo iliyo juu ya m inakuambia kwamba 10 inajizidisha mara tatu, moja kwa kila upande wa sanduku.

Sasa mnyororo wenyewe. Unaanza na ulicho nacho, ukikiandika kama sehemu: juu mita 14 za ujazo, chini saa 1. Neno "kwa" katika "mita za ujazo kwa saa" ndilo mstari wa sehemu. Kisha unaweka viungo kimoja baada ya kingine:

```
14 m³     1000 L      1 h       1 min
-----  ×  ------  ×  ------  ×  -----
 1 h       1 m³      60 min     60 s
```

Tazama jinsi nilivyochagua kipi kikae juu na kipi chini. Mita za ujazo ziko juu upande wa kushoto na mimi sizitaki, kwa hiyo katika kiungo kinachofuata nazipeleka chini ili zikatane. Saa iko chini na siitaki, kwa hiyo kwenye kiungo kinachofuata inapanda juu ili ikatane na ile ya chini. Hapo zimezaliwa dakika, ziko chini, nazo sizitaki, basi dakika nyingine inapanda juu. Chukua kalamu ukate: m³ na m³, h na h, min na min. Kilichobaki bila kukatwa ni L juu na s chini. Lita kwa sekunde. Ukifika hapo ndipo unashika kikokotoo, si kabla.

Namba zilizobaki juu ni 14 na 1000, chini ni 60 na 60. Sitini mara sitini ni 3600. Elfu moja juu ya 3600 ni sawa na 1 juu ya 3.6. Hiyo ndiyo 3.6 yako, katibu, haikuteremka kutoka mbinguni. Ni sekunde 3600 za saa moja zilizogawanywa kwa lita 1000 za mita moja ya ujazo. Na imekaa chini kwa sababu sekunde ni nyingi kuliko lita: lita 1000 zinagawiwa sekunde 3600, kwa hiyo kila sekunde inapata pungufu ya lita moja.

Sasa tumfuate fundi wa kuzidisha tuone ameteleza wapi. Kuzidisha kwa 3.6 ni kuweka viungo vyote miguu juu: mita ya ujazo juu ya lita 1000, dakika 60 juu ya saa 1, na sekunde 60 juu ya dakika 1. Kila kiungo kimoja kimoja bado ni kweli, bado ni sawa na moja. Lakini ukijaribu kukata, zaidi ya dakika hupati cha kukata. Mita za ujazo zimekutana juu kwa juu, saa zimekutana chini kwa chini. Ukiwa mwaminifu unabaki na m³ mara m³ mara s juu ya h mara h mara L, kitu ambacho hakuna pampu duniani inayokitoa. Hapa ndipo ninapoupendea mnyororo. Kanuni ya kukariri ikigeuzwa inakupa jibu lenye sura nzuri na unakwenda nalo mpaka kwenye mkutano wa kijiji. Mnyororo ukigeuzwa unakataa kukatika, na unaliona hilo kwenye karatasi kabla hujabonyeza namba hata moja.

Nina kipimo kingine cha haraka cha kujua kama jibu lina akili. Mita 1 ya ujazo kwa saa ni mililita 278 kwa sekunde, karibu glasi moja ya maji ya kunywa iliyojaa vizuri. Kwa hiyo pampu ya 14 m³/h inamwaga glasi 14 kila sekunde. Glasi 14 ni lita ngapi? Nne kasoro kidogo. Ukisimama kisimani bila karatasi, gawanya kwa 4, kisha ongeza sehemu ya kumi ya ulichopata: 14 kwa 4 ni 3.5, ongeza 0.35, unapata 3.85. Jibu kamili ni 3.89. Inatosha kabisa kumnyamazisha mtu wa 50.

Kukiwa na haja ya kurudi, yaani kubadili lita kwa sekunde kuwa mita za ujazo kwa saa, hapo ndipo fundi wako wa kwanza angekuwa sahihi. 3.2 ya kisima mara 3.6 ni 11.52 m³/h. Nadhani ndiko alikoichukua, akaipeleka njia isiyo yake. Linganisha sasa kwa kizio kimoja: kisima kinaruhusu 11.52, kibao kinasema 14.

Jambo la kuzungusha namba nitalipitia haraka. Usizungushe katikati ya mnyororo. Nimeona mtu akigawanya 14 kwa 3600, simu ikampa 0.003888, akaandika 0.004, kisha akazidisha kwa 1000 akapata lita 4 kamili. Kosa limezaliwa kwenye hatua ambayo haikuwa na haja ya kuandikwa. Fuata mnyororo mpaka mwisho, zungusha mara moja.

Sasa nieleze mahali ambapo mnyororo wenyewe unaweza kukudanganya, kwa sababu nisipokuambia utauamini kupita kiasi. Mnyororo unakata majina. Haujui kilicho nyuma ya jina. Majina mawili yakifanana unayakata, hata kama vitu ni tofauti.

Mimi jambo hili liliwahi kunikuta. Miaka ya nyuma tulifunga pampu ya msaada kwenye kijiji kimoja mkoani hapa, kibao kimeandikwa 70 GPM, galoni 70 kwa dakika. Nikapanga mnyororo wangu safi, galoni ikakatana na galoni, dakika na dakika, nikatumia galoni ya lita 4.546 niliyofundishwa shuleni, ile ya Waingereza. Nikapata lita 5.3 kwa sekunde, nikakokotoa tangi litajaa kwa muda gani, nikawaahidi wanakijiji. Maji yakaja, lakini tangi halijai kwa wakati niliosema. Kila siku tunapungukiwa kama moja ya sita. Tukamlaumu kijana aliyeunganisha mabomba. Tukakodi winchi, tukavuta pampu yote juu bomba kwa bomba, tukaifungua, ndani safi kabisa. Ni jioni, tumekaa kivulini chini ya mwembe, mikono imejaa grisi, ndipo mwenzangu akageuza kibao akasoma nchi ilikotengenezwa. Marekani. Galoni yao ni lita 3.785. Sabini mara 3.785 gawanya kwa 60 ni lita 4.4. Pampu ilikuwa inatoa ilichoahidi, mimi ndiye niliyeahidi zaidi. Kosa la asilimia 20 ni baya kuliko kosa la mara kumi, kwa sababu la mara kumi linajipigia kelele lenyewe.

Kwenu huko kuna mfano ulio karibu zaidi. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20, kila mtu anajua. Lakini mtu anayebeba mawese kutoka Kigoma anajua dumu lile lile likijaa mawese lina kama kilo 18, na mfanyabiashara wa asali hapa Tabora atakuambia la asali linafika kilo 28. Sehemu ya "lita 1 juu ya kilo 1" ni sawa na moja kwa maji peke yake. Sehemu ya "lita 1000 juu ya mita 1 ya ujazo" ni sawa na moja kwa maji, kwa mawese, kwa asali, hata kwa hewa, kwa kuwa pande zote mbili ni ujazo. Kabla hujaingiza kiungo kwenye mnyororo jiulize kama hivyo viwili ni kitu kimoja chenye majina mawili, au ni vitu viwili vinavyolingana kwa bahati ya maji.

Na neno "siku" ni mtego mwingine wa aina hiyo hiyo, huu utakugusa wewe moja kwa moja. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilikadiria lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini. Watu wako 2,400 wanahitaji lita 60,000, yaani mita za ujazo 60 kwa siku. Mtu akipanga mnyororo kwa siku yenye saa 24 atapata 2.5 m³/h, ambayo ni lita 0.69 kwa sekunde, na vizio vyote vitakatana bila kinyongo. Ataagiza pampu ndogo sana. Watu wanakunywa kwa siku ya saa 24, pampu inafanya kazi kwa siku yake yenyewe. Kama ni ya jua na mnapata saa 6 nzuri, siku ya pampu ni saa 6:

```
60 m³     1000 L     1 h
-----  ×  ------  ×  ------  =  2.78 L/s
 6 h       1 m³      3600 s
```

Hapo nimeunganisha zile 60 mbili kuwa kiungo kimoja cha sekunde 3600, ukizoea utafanya hivyo. Habari njema ni kwamba 2.78 iko chini ya 3.2. Kisima chenu kinawatosha bila kukisukuma kupita ripoti.

Turudi kwenye kibao. Herufi Q na H zinasomwa pamoja, kama mume na mke kwenye cheti kimoja. Kibao hakisemi pampu inatoa 14 m³/h popote utakapoiweka. Kinasema inatoa 14 ikiwa inayapandisha maji mita 80. Mita hizo unazihesabu kuanzia pale maji yanaposimama kisimani pampu ikiwa inafanya kazi, kwenda juu mpaka yanapoingilia kwenye tangi, kisha unaongeza kile kinacholiwa na msuguano wa bomba. Mkiwa na mlima zaidi ya huo maji yanapungua, mkiwa na mlima mdogo yanaongezeka. Hakuna mnyororo wa kubadilisha mita za H kuwa lita. Huko kunahitaji mchoro wa pampu wa mtengenezaji, au kupima.

Mimi ningepima. Kwenye bomba linalopanda kwenda tangini bila shaka mna mita ya maji. Tarakimu nyeusi ni mita kamili za ujazo, nyekundu ni vipande vyake, msizisome zote kama namba moja. Kijiji kimoja cha Sikonge nilikowapimia, pampu ilikuwa na kibao kama chenu, 14 vile vile. Tuliiacha ikinguruma nusu saa kwanza ili maji kisimani yatulie. Kisha nikasoma mita: 418.36. Mwenyekiti akashika saa ya simu. Dakika 10 zilipotimia nikasoma tena: 420.20. Tofauti ni 1.84.

```
1.84 m³      1000 L     1 min
-------   ×  ------  ×  -----  =  3.07 L/s
10 min        1 m³      60 s
```

Kumbuka sikupitia saa wala 3.6. Mtu aliyekariri 3.6 angegawanya 1.84 kwa 3.6 akapata 0.51, kwa sababu hajui kwamba namba yake inafanya kazi tu pale chini kunapokaa saa moja. Mnyororo haukujali, uliuliza tu kilichopo chini ni nini. Ni dakika 10, basi dakika ndiyo ipande juu kwenye kiungo kinachofuata. Mwenyekiti yule alikuwa amekokotoa 3.89 kama mimi na wewe, akashangaa. Tangi lao liko juu ya kilima kirefu upande wa pili wa barabara, na kupanda huko ndiko kulikokula tofauti.

Jambo dogo kuhusu muda, limewaangusha wengi: kama saa ya simu inaonyesha 10:30, hiyo ni dakika 10 na sekunde 30, si dakika 10.30. Igeuze iwe sekunde zote, 630, ndipo uiweke chini ya mstari. Dakika ina sekunde 60 na nukta ya desimali inahesabu kwa mia, hawa wawili hawajuani.

Kama mita hamna au imekufa, tumieni pipa la lita 200 pale bomba linapoingilia tangini. Ndoo ya lita 20 ni ndogo kwa pampu yenu. Itajaa kwa sekunde tano hivi, na kuchelewa kubonyeza saa kwa nusu sekunde ni kosa la asilimia 10. Pipa litachukua karibu dakika moja, na nusu sekunde hapo si kitu. Ila lipimeni pipa kwanza kwa ndoo, maana mengi yamekatwa mdomo na hayabebi 200 tena.

Mkikuta mita inaonyesha chini ya 3.2, muwe na amani na kibao. Mkikuta inazidi, fungeni kidogo valvu iliyo juu ya kisima, kwenye bomba la kutokea, mpime tena, mfunge tena, mpaka ifike. Msiivumilie pampu inayovuta zaidi ya kisima. Dalili utaziona: maji yanaanza kwa nguvu asubuhi, baada ya muda yanakuja na hewa, mita inakwenda na kusimama, na pampu inayonyonya hewa huungua.

Ili msihitaji kikokotoo kila mara, igeuzeni 3.2 kuwa muda ambao mlinzi wa pampu anaweza kuuona. Mita 1 ya ujazo ni lita 1000. Kila lita 3.2 zinachukua sekunde 1, kwa hiyo safari hii sekunde inakaa juu na lita chini:

```
1000 L     1 s
------  ×  -----  =  312.5 s/m³
 1 m³      3.2 L
```

Hizo ni dakika 5 na sekunde 12.5. Usiseme 5.2 ukadhani ni dakika 5 na sekunde 20. Andikeni kwa rangi kwenye mlango wa kibanda: mita moja ya ujazo isipite kabla ya dakika 5 na sekunde 13. Mlinzi anasubiri tarakimu nyeusi ya mwisho ibadilike, anabonyeza saa ya simu, anasubiri ibadilike tena. Ikibadilika saa ikiwa bado haijafika 5:13, anaibana valvu kidogo na kuhesabu upya.